Maswali na majibu: Neno ni lipi katika Maabara ya 3?

Swali

Ndugu Mkufunzi Msaidizi,

Naomba ufafanuzi kuhusu Maabara ya 3 kabla sijaanza kuandika msimbo. Maelekezo yanasema: "Andika programu ya C inayopokea jina la faili na namba N, kisha ichapishe maneno N yanayojitokeza mara nyingi zaidi katika faili hilo, pamoja na idadi ya kila moja, kuanzia lenye idadi kubwa." Nimeyajaribu kwa kalamu na karatasi kwenye faili hili dogo, N ikiwa 3:

```
Ng'ombe wa babu, ng'ombe wa bibi.
Babu ana ng'ombe; bibi ana mbuzi.
```

Sijapata jibu moja. Sijui kama Ng'ombe na ng'ombe ni neno moja, kama ritifaa ni sehemu ya neno, wala lipi litangulie kati ya maneno yenye idadi sawa. Pia sijui programu ifanye nini faili likiwa tupu au likiwa na maneno machache kuliko N. Je, tutumie jedwali la hashi au orodha unganishi? Na je, nianze kuandika au nisubiri jibu lako?

Ahsante,
Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Jibu

Ndugu mwanafunzi,

Kwa maabara hii, neno ni mfululizo wa herufi za A hadi Z, kubwa au ndogo, pamoja na ritifaa yoyote iliyo katikati ya herufi mbili. Kitu kingine chochote, yaani nafasi, nukta, mkato, kistari au tarakimu, kinatenganisha maneno. Herufi kubwa zigeuzwe kuwa ndogo kabla ya kuhesabu. Maneno yenye idadi sawa yapangwe kwa mpangilio wa `strcmp`, na programu isichapishe zaidi ya mistari N hata pale mstari wa mwisho unapoangukia katikati ya maneno yaliyokwenda sare. Kwa hiyo faili lako linatakiwa kutoa hivi, neno likifuatwa na nafasi moja na kisha idadi:

```
ng'ombe 3
ana 2
babu 2
```

Mhadhiri ameyakubali maamuzi haya, na yameongezwa kwenye maelekezo ya maabara ili darasa zima liyasome. Jina lako halikutajwa. Nayaeleza hapa kwa kirefu kwa sababu kila moja lina sababu yake, na ukiijua sababu utaweza kujibu mwenyewe maswali madogo yatakayojitokeza wakati wa kuandika.

Anza na njia ambayo wengi wenu mtaifikia kwanza, nayo ni kusoma kwa `fscanf` na alama ya `%s`. Njia hiyo inakata maneno penye nafasi au mwisho wa mstari tu, kwa hiyo kila alama ya uandishi inabaki imeganda kwenye neno lililo kabla yake. Kwenye faili lako, njia hii inaona "Ng'ombe" mara moja, "ng'ombe" mara moja, na "ng'ombe;" mara moja, kana kwamba ni vitu vitatu tofauti. Matokeo yake ni kwamba ng'ombe aliyetajwa mara tatu anashuka chini, na washindi wanakuwa "ana" na "wa", kila moja mara mbili. Programu haikuharibika popote na mkusanyaji wa msimbo hakulalamika, lakini jibu limebadilika kabisa.

Tafsiri ya pili ni kusema kwamba neno ni herufi tupu, na kila kisicho herufi ni kitenganishi. Hii ni tafsiri ya kale na yenye heshima katika fani yetu. Mwaka 1986, Jon Bentley alimpa Donald Knuth zoezi linalofanana mno na la kwenu katika safu yake kwenye jarida la chama cha ACM: chapisha maneno k yanayojitokeza zaidi katika faili. Knuth akaandika programu ya kurasa kadhaa, na Doug McIlroy, alipoombwa kuihakiki, akaonyesha kwamba kazi hiyohiyo inafanyika kwa kuunganisha amri sita za Yuniksi, ambazo hapa nimeziandika kwa ajili ya faili lako na N ya 3:

```
tr -cs 'A-Za-z' '\n' < babu.txt | tr A-Z a-z |
sort | uniq -c | sort -rn | sed 3q
```

Ukiiendesha kwenye Linuksi, utapata hivi:

```
      3 ombe
      3 ng
      2 wa
```

Tazama kilichotokea. Amri ya kwanza imegeuza ritifaa kuwa mwisho wa mstari, na ng'ombe amekatwa vipande viwili ambavyo si maneno ya Kiswahili hata kidogo. Kwa maandishi ya Kiingereza hasara hiyo inavumilika, kwa kuwa ritifaa huwa katika vifupisho ambavyo mtu anaweza kuamua kuvipuuza. Kwa Kiswahili ritifaa ni sehemu ya sauti ya ng', na bila yake huwezi kuandika ng'ambo, ng'oa wala kung'aa. Mafaili yetu ya majaribio ni ya Kiswahili, na ndiyo maana tumeiingiza ritifaa ndani ya neno. Tumeongeza sharti la kuwa katikati ya herufi mbili kwa sababu waandishi hutumia alama hiyohiyo kama alama ya kunukuu: katika maandishi `'babu'` tunataka kuhesabu neno babu, si neno lenye ritifaa kichwani na mkiani.

Kuna kona moja ya jambo hili ambayo hukuiuliza lakini itakupata ukichukua maandishi ya majaribio kutoka kwenye tovuti ya habari. Programu za kuandikia nyaraka hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hiyo iliyopinda si baiti moja. Katika UTF-8 ni baiti tatu, E2 80 99, ambazo hakuna hata moja iliyo herufi wala ritifaa kwa ufafanuzi wetu. Programu iliyo sahihi itakata neno hapo na kukupa tena "ng" na "ombe", nawe utapoteza muda ukitafuta kosa ambalo halimo kwenye msimbo wako. Njia ya kujua ni kulitazama faili kwa amri ya `od -c`. Ritifaa iliyonyooka itaonekana kama ilivyo, lakini iliyopinda itaonekana kama namba tatu za mfumo wa nane:

```
n   g 342 200 231   o   m   b   e
```

Tumeamua kwamba ritifaa inayohesabika ni iliyonyooka tu, yaani baiti 0x27, na mafaili yote ya kusahihishia yanatumia hiyo. Hutakiwi kushughulikia iliyopinda. Jambo la kuangalia tu ni kwamba baiti hizi zisiiangushe programu yako. Ukisoma mstari mzima kwenye safu ya `char` kisha ukampa `isalpha` herufi moja moja, baiti ya E2 kwenye kompyuta nyingi za maabara itasomeka kama −30, na kiwango cha lugha ya C hakisemi lolote kuhusu nini kitatokea ukiipa kazi hiyo namba hasi isiyo EOF. Mara nyingi haitatokea lolote, na hilo ndilo baya zaidi, maana kosa litajificha hadi siku programu itakapohamia kwenye mkusanyaji mwingine. Igeuze kwanza kuwa `unsigned char`, au soma kwa `fgetc`, ambayo hurudisha thamani isiyo hasi kwa kila baiti.

Sasa njoo kwenye sare, ambako swali lako limegusa jambo zito kuliko pengine ulivyodhani. Katika faili lako kuna maneno manne yenye idadi ya mbili, na nafasi zilizobaki ni mbili tu. Maelekezo ya mwanzo hayakusema ni yapi yaingie. Amri za McIlroy nilizozionyesha zimechagua "wa" kwa sababu `sort -rn`, inapokuta mistari yenye namba sawa, hulinganisha mstari mzima, na ule mgeuzo wa `-r` unafanya kazi hapo pia, hivyo sare hutoka kwa alfabeti iliyogeuzwa: wa, bibi, babu, ana. Anayetumia orodha unganishi na kupanga kwa uangalifu atapata maneno kwa jinsi yalivyojitokeza katika faili: wa, babu, bibi, ana. Anayetumia jedwali la hashi atapata mpangilio unaotegemea kanuni ya hashi aliyoichagua na ukubwa wa jedwali. Wote watatu wameyatii maelekezo ya mwanzo, na wote watatu wangeweza kupishana na programu ya kusahihisha, ambayo hulinganisha matokeo kwa `diff` mstari kwa mstari.

Hatari kubwa zaidi ni ya yule anayetumia `qsort` na kulinganisha idadi peke yake. Kiwango cha C hakitoi ahadi yoyote kuhusu mpangilio wa vitu vilivyo sawa, kwa hiyo msimbo uleule unaweza kutoa "babu" kwanza kwenye kompyuta yako na "bibi" kwanza kwenye kompyuta yetu. Mwanafunzi wa namna hiyo hutuandikia akisema "kwangu inafanya kazi", naye anasema kweli. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba hakuna maneno mawili tofauti ambayo kazi ya ulinganishi inayaona kuwa sawa:

```c
int linganisha(const void *a, const void *b)
{
    const struct neno *x = a, *y = b;
    if (x->idadi != y->idadi)
        return x->idadi < y->idadi ? 1 : -1;
    return strcmp(x->herufi, y->herufi);
}
```

Nimetaja `strcmp` kwa jina, badala ya kusema "kwa alfabeti" tu, kwa sababu alfabeti nayo ina utata wake. Kwa `strcmp` ritifaa ina thamani ndogo kuliko herufi zote, kwa hiyo "ng'oa" hutangulia "ngano". Amri ya `sort` kwenye kompyuta iliyowekewa lugha fulani inaweza kuipuuza ritifaa katika ulinganisho wa kwanza na kuyapanga maneno hayo kinyume. Ukitaka kuhakiki matokeo yako kwa `sort`, tanguliza `LC_ALL=C` kwenye mstari wa amri ili ilinganishe baiti kwa baiti kama `strcmp`. Vilevile usilinganishe moja kwa moja na matokeo ya `uniq -c`, kwa kuwa yenyewe huweka idadi kabla ya neno na kujaza nafasi kushoto, na `diff` haina huruma na nafasi.

Faili tupu ni jepesi: programu isichapishe chochote na irudishe 0, kwa sababu faili tupu si kosa. Maneno tofauti yakiwa machache kuliko N, chapisha yaliyopo kisha uishie hapo. Faili likikosekana, hilo ni kosa. Ujumbe uende `stderr` na programu irudishe 1. Maneno ya ujumbe huo ni yako, hatuyasahihishi.

Swali lako la jedwali la hashi au orodha unganishi nimeliacha hadi sasa kwa makusudi, kwa sababu si la jamii moja na mengine. Kipimo ninachokitumia mimi ninaposoma barua za aina hii ni kimoja: je, kuna faili moja linaloweza kutoa matokeo mawili tofauti kulingana na namna unavyoyasoma maelekezo? Ikiwa lipo, utata ni wa maelekezo, na hata ukiwa mwanafunzi hodari kuliko wote huwezi kuuondoa kwa akili zako. Lazima mtunzi aseme. Ikiwa halipo, uamuzi ni wako. Jedwali la hashi na orodha unganishi, vikiandikwa sawasawa na kupangwa kwa kazi niliyoionyesha hapo juu, vinatoa herufi zilezile kwa kila faili. Kwa hiyo sitakuchagulia.

Nitasema tu kwamba maelekezo yana kikomo cha sekunde 10 kwa kila faili la majaribio, na kikomo hicho ni sehemu ya matokeo. Faili kubwa zaidi lina maneno yapatayo 200,000. Orodha unganishi hutafuta kila neno kwa kupita maneno yaliyokwisha kuonekana moja moja hadi ilipate, na ikiwa maneno tofauti ni maelfu kadhaa, fanya hesabu ya milinganisho mwenyewe kabla ya kuamua. Hiyo ni hesabu ya dakika mbili, na ni sehemu ya kile maabara hii inachokupima.

Neno kidogo kuhusu barua yenyewe, kwa kuwa nitaomba wenzako waandike namna hiyo. Umenukuu sentensi ya maelekezo yenye shida, badala ya kuandika kwamba "maabara haieleweki", na umeambatanisha faili dogo linaloonyesha shida. Kwa sababu hiyo niliweza kuliendesha faili lako kwenye programu ya mfano ndani ya dakika chache, nikaona kwamba mpangilio wa sare uliokuwa ukitoka humo haukuwa umekusudiwa na mtu, nikampelekea mhadhiri swali lililo wazi. Barua isiyo na mfano ningeirudisha kwanza kuuliza mwanafunzi anamaanisha nini, na siku nzima ingepita.

Kilichokosekana ni matokeo yako mawili au matatu uliyoyapata kwa kalamu, pamoja na lile unalodhani ndilo lililokusudiwa. Ungeandika, kwa mfano: "Nikikata penye nafasi napata ana na wa, nikihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno na kupuuza herufi kubwa napata ng'ombe 3, nadhani la pili ndilo linalotakiwa, naomba uthibitisho." Barua ya namna hiyo naweza kuijibu kwa neno "ndiyo" nikiwa ndani ya daladala. Tena inakulinda: kama nisingejibu kabla ya muda wa kukusanya, ungekuwa na maandishi yanayoonyesha ulisoma vipi na kwa nini, nami ningeyazingatia wakati wa kusahihisha.

Kuhusu kuanza au kusubiri, katika hali kama yako hukuwa na haja ya kusubiri yote. Kusoma hoja za mstari wa amri, kufungua faili, kuhifadhi maneno na kuongeza idadi havibadiliki kwa jibu lolote ambalo ningekupa. Kilichokuwa na shaka kubwa zaidi ni mambo mawili, nayo yangeweza kufungiwa katika kazi mbili fupi: `linganisha`, ambayo umeshaiona, na hii inayoamua kama herufi iliyo mkononi ni ya neno, ikijua iliyotangulia na inayofuata:

```c
int ni_ya_neno(int kabla, int c, int baada)
{
    if (isalpha(c))
        return 1;
    return c == '\'' && isalpha(kabla) && isalpha(baada);
}
```

Thamani zote tatu zitoke kwa `fgetc`. Mwanzoni mwa faili mpe `kabla` nafasi tupu, na mwishoni `baada` itakuwa EOF, ambayo `isalpha` inaikubali bila matatizo. Kabla jibu halijafika ungeandika ndani yake mstari wa kwanza tu na `return 0`, ukaweka juu maoni yanayosema "nimechukulia kwamba ritifaa inatenganisha maneno, nasubiri uthibitisho", na kuendelea na mengine yote. Jibu likifika unabadilisha mstari mmoja. Waliotawanya ukaguzi wa herufi sehemu tano za programu ndio watakaokesha wakirekebisha baada ya maelekezo mapya kutoka.

Jaribu sasa faili lako kwa N ya 3, kisha kwa N ya 10, ambapo unapaswa kupata mistari sita, "mbuzi 1" ukiwa wa mwisho. Ukipata mistari saba, kuna uwezekano mkubwa kwamba ng'ombe bado anakatwa. Uendeshe `od -c` kwenye faili kabla ya kuugusa msimbo.

Wako,
Mkufunzi Msaidizi